Ndevu kwa msichana na hedhi ya kurukaruka: jinsi ya kuipima tezi ya adrenali kabla ya kuilaumu ovari

Nimefanya kazi miaka mingi katika kliniki ya homoni, na kuna safari moja ya mgonjwa ambayo nimeishuhudia mara nyingi mno. Msichana ana nywele ngumu kidevuni, hedhi yake inaweza kupotea miezi miwili, anapigwa picha ya ultrasaundi, ovari zinaonekana zina vifuko vidogo vingi, na kwenye faili linaandikwa neno moja: PCOS, yaani ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Anapewa vidonge, anarudi nyumbani, na hakuna anayeuliza tena.

Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Lakini miongoni mwa wanawake wanaofika kliniki kwa sababu ya homoni za kiume kuzidi, karibu 4 kati ya 100 shida yao haikuanzia kwenye ovari. Imeanzia kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, tezi za adrenali, kwa sababu ya kimeng'enya kimoja kinachofanya kazi kwa uvivu tangu kuzaliwa. Ovari zao nazo huweza kuonyesha vifuko vilevile kwenye picha, kwa hiyo ultrasaundi haiwezi kuwatenganisha. Kinachowatenganisha ni kipimo kimoja cha damu, nacho kina masharti ya siku na saa ambayo hayafuatwi ipasavyo. Mwongozo huu unahusu kipimo hicho: jinsi ya kukifikia, kukisoma, na kuamua la kufanya baada ya majibu.

Kwanza, elewa kinachotokea ndani ya tezi

Tezi ya adrenali hutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa, njaa na mshtuko. Huitengeneza kwa hatua, kila hatua na kimeng'enya chake. Kimoja kati ya hivyo kinaitwa 21-hidroksilesi. Kazi yake ni kuipokea homoni iitwayo 17-hidroksiprojesteroni, ambayo kwenye fomu ya maabara huandikwa 17-OHP, na kuisogeza mbele iwe kotisoli.

Fikiria mfereji wa maji wenye lango lililofunguka nusu. Maji yanapita, ila polepole, na yanayobaki nyuma ya lango yanajaa hadi yanamwagika kwenye kijito cha pembeni. Kwenye tezi hii kijito cha pembeni kinaelekea kwenye androjeni, yaani homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo. Mwenye upungufu mwepesi wa 21-hidroksilesi, kimeng'enya chake kinafanya kazi kwa takriban asilimia 20 hadi 50 ya kawaida. Kinatosha kumpa kotisoli ya kila siku, ndiyo maana alizaliwa mzima, akakua, na hakuna aliyeshuku kitu. Hakitoshi kuzuia mafuriko ya pembeni.

Androjeni hizo zinapofika kwenye ngozi ya kidevu, kifua na tumbo la chini, malaika laini hugeuka kuwa nywele ngumu nyeusi. Zinapofika kwenye mfumo wa ubongo unaoongoza ovari, mpangilio wa kupevusha yai huvurugika, na hedhi inaanza kurukaruka. Chunusi zisizokoma nazo zina chanzo hichohicho.

Ipo aina nzito ya upungufu huu, ambayo huonekana tangu mtoto akiwa mchanga na inaweza kuua mtoto asipotibiwa. Usiichanganye na hii. Mtu mwenye aina nyepesi anayesoma habari za aina nzito hujipa hofu isiyo yake.

Pili, kusanya historia kabla ya kutoa damu

Chukua daftari uandike tarehe za hedhi zako za miezi 6 iliyopita kadiri unavyokumbuka, na kuanzia sasa andika kila siku ya kwanza ya kutokwa damu. Mzunguko unaozidi siku 35 mara kwa mara, au hedhi zisizofika 8 kwa mwaka, ni hedhi isiyo ya kawaida kwa mtu aliyevunja ungo miaka mitatu au zaidi iliyopita. Kwa msichana aliyeanza juzi, kurukaruka ni jambo la kutarajiwa na halithibitishi lolote.

Halafu muulize mama yako, au shangazi aliyekulea, swali moja ambalo wengi hawalifikirii: nywele za sehemu za siri au za kwapani zilianza nikiwa na umri gani? Zikiwa zilianza kabla ya miaka 8, hiyo ni dalili yenye uzito mkubwa. Androjeni za adrenali zilikuwa zimeanza kumwagika mapema, wakati ovari bado zimelala. Nimeona mama akikaa kimya kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa darasa la kwanza. Nilidhani ni urithi wa upande wa baba yake, nikanyamaza." Kwa maneno hayo machache kazi ya daktari ilikuwa imepungua nusu.

Nywele zenyewe daktari huzipima kwa kipimo cha Ferriman na Gallwey, kilichotokana na kazi yao ya mwaka 1961. Kwa mtindo unaotumika sasa, sehemu 9 za mwili hupewa alama kuanzia 0 hadi 4: juu ya mdomo, kidevu, kifua, tumbo la juu, tumbo la chini, mikono ya juu, mapaja, mgongo wa juu na mgongo wa chini. Zinazohesabiwa ni nywele ngumu, nyeusi, zenye urefu unaozidi milimita 5 zikiachwa, malaika hayahesabiwi. Jumla ya 8 au zaidi huhesabiwa kuwa imezidi kwa wanawake wengi weusi na weupe, na kwa baadhi ya jamii za Asia mpaka huo huwa chini zaidi.

Ugumu ni kwamba karibu kila msichana anayekuja ameshang'oa. Anakuwa na kibanio mkobani, ameamka alfajiri akang'oa kidevu kizima mbele ya kioo, na daktari anaona ngozi yenye madoa tu. Kama unaweza kuvumilia, usinyoe kwa siku 5 kabla ya miadi, na usitumie nta wala kibanio kwa wiki 4. Kama huwezi, na naelewa kabisa kwa nini usiweze, jipige picha karibu na dirisha lenye mwanga kabla ya kunyoa, na useme wazi: "Nanyoa kila baada ya siku mbili." Sentensi hiyo ina thamani kuliko alama yoyote. Na kwa kuwa naulizwa kila wiki: wembe hauongezi wingi wala unene wa nywele. Unakata ncha, na ncha iliyokatwa butu huhisiwa ngumu ukiipapasa.

Zipo dalili ambazo zikiwepo usisubiri mpangilio wowote wa mwongozo huu. Sauti kuwa nzito ghafla, nywele kuongezeka kwa kasi ndani ya miezi michache, kinembe kukua, upara wa kiume, au michirizi mipana ya zambarau tumboni pamoja na kuchubuka kirahisi. Hizo zinaweza kuashiria uvimbe unaotoa homoni, au kotisoli iliyozidi, na zinahitaji daktari ndani ya siku chache. Upungufu huu mwepesi huja taratibu, kwa miaka.

Tatu, toa damu siku sahihi na saa sahihi

Hapa ndipo majibu mengi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiwango cha 17-OHP hakitulii. Ubongo huisukuma tezi ya adrenali kwa nguvu zaidi alfajiri, kwa homoni iitwayo ACTH, kisha msukumo hupungua kadiri siku inavyokwenda. Msichana mwenye upungufu anaweza kuwa na kiwango cha juu saa moja na nusu asubuhi, na saa tisa alasiri kikawa kimeshuka hadi eneo la kawaida. Sampuli ya alasiri humficha mgonjwa.

Kosa la pili huenda upande wa pili. Baada ya yai kupevuka, ovari yenyewe hutengeneza 17-OHP kwa wingi kwa takriban wiki mbili. Mwanamke mzima kabisa akitoa damu katika wiki hizo anaweza kupata kiwango kilichozidi mpaka, akaambiwa ana ugonjwa wa adrenali asionao. Kwa hiyo sampuli ya nusu ya pili ya mzunguko huzua mgonjwa asiyekuwepo.

Kanuni inayotokana na hayo ni fupi: damu itolewe kabla ya saa mbili asubuhi, kati ya siku ya 3 na ya 5 ya hedhi, ukihesabu siku ya kwanza ya damu kuwa siku ya 1. Mwambie anayekutoa damu aandike saa halisi kwenye fomu, na wewe uandike siku ya mzunguko. Bila vitu hivyo viwili, namba itakayokuja haina maana ya uhakika.

Je, kama hedhi haiji? Usisubiri miezi mitatu. Pima ujauzito kwanza, kisha damu itolewe asubuhi yoyote, pamoja na kipimo cha projesteroni kwenye sampuli hiyohiyo. Projesteroni ikiwa juu sana, huenda yai limepevuka karibuni bila wewe kujua, na 17-OHP isisomwe peke yake.

Mambo mengine yanayopotosha: dawa za jamii ya steroidi hutuliza tezi na kushusha 17-OHP. Watu hukumbuka vidonge tu, wakasahau dawa ya pumu ya kuvuta, sindano ya goti, na krimu kali za ngozi, zikiwemo zile za kung'arisha zinazouzwa bila maelezo ya kilichomo. Ukipaka krimu ya namna hiyo kila siku usoni na mwilini, steroidi hupenya hadi kwenye damu. Sema ukweli wako wote kwa daktari. Haulizi ili akuhukumu. Wala usiache steroidi ghafla ili kipimo kiwe safi, kwa sababu tezi iliyozoea kupumzika inaweza kushindwa kuamka. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hubadilisha picha ya androjeni, hivyo daktari ajue kama unavitumia. Na vitamini za nywele na kucha huwa na biotini nyingi, ambayo huvuruga mashine za baadhi ya maabara. Zisimamishe siku 3 kabla.

Kwenye sampuli hiyo hiyo ni vyema kuomba testosteroni, prolaktini na homoni ya kusisimua dundumio, yaani TSH. Hizo zinaondoa sababu nyingine za hedhi kupotea, na hazihitaji safari ya pili.

Nne, soma namba pamoja na kipimio chake

Kabla ya kutazama namba, tazama herufi zilizo kando yake. Maabara moja hutoa majibu kwa ng/dL, nyingine kwa ng/mL, nyingine kwa nmol/L. Kiwango kilekile kinaweza kuandikwa 480 ng/dL, 4.8 ng/mL au 14.5 nmol/L. Nimewahi kushika fomu ambayo mtu alisoma 14.5 akailinganisha na mpaka wa 200, akaandika "chini sana, kawaida." Mgonjwa alipoteza mwaka mzima kwa herufi nne.

Sasa mipaka. Chini ya 200 ng/dL (sawa na 6 nmol/L), kwa sampuli ya asubuhi ya siku sahihi, upungufu huu hauelekei kuwepo. Wachache wenye ugonjwa hupenya hata hapo, kwa hiyo kama historia inapiga kelele, kwa mfano nywele za utotoni au ndugu mwenye ugonjwa uliothibitishwa, usikubali faili lifungwe. Juu ya 1000 ng/dL (30 nmol/L), jibu ni ndiyo, na kwa kawaida kipimo cha ziada hakihitajiki kuthibitisha. Katikati ya hapo ndipo wanapoangukia wengi, na hapo panahitaji hatua inayofuata.

Tano, kipimo cha kuisukuma tezi

Kipimo hiki hutisha kwa jina kuliko kwa matendo. Unafika asubuhi, unawekewa mrija mdogo mkononi, na damu ya kwanza inatolewa. Kisha unachomwa ACTH ya kutengenezwa, mikrogramu 250. Unakaa kwenye kiti dakika 60, damu ya pili inatolewa, basi. Wengine huhisi joto usoni kwa muda mfupi.

Tunachofanya ni kuusukuma mfereji kwa nguvu tuone maji yatajaa kiasi gani nyuma ya lango. Kimeng'enya kizima kinapitisha msukumo huo bila shida kubwa. Kivivu kinashindwa, na 17-OHP inaruka. Ikizidi 1000 ng/dL katika dakika ya 60, utambuzi umethibitika. Ikipanda kiasi bila kufika hapo, mara nyingi ni mtu aliyebeba nakala moja tu yenye kasoro ya jeni ya kimeng'enya hiki: yeye si mgonjwa, hatibiwi adrenali, na nywele zake zitafutiwe sababu nyingine.

Omba kotisoli ipimwe kwenye damu hiyo ya dakika ya 60. Ikizidi 18 µg/dL (karibu 500 nmol/L) tezi ina akiba ya kutosha. Mashine mpya za maabara hutumia mpaka wa chini kidogo. Isipofika, daktari atakupa mpango wa kuongezewa haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dawa, unapofanyiwa upasuaji au unapougua sana. Wengi wenye aina hii nyepesi hufaulu sehemu hii.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Tuchukue msichana wa miaka 22. Alivunja ungo akiwa na miaka 13, na mizunguko yake ni ya siku 45 hadi 70. Nywele za siri zilianza akiwa na miaka 7. Alama zake ni 2 juu ya mdomo, 3 kidevuni, 1 kifuani, 3 tumbo la chini na 2 mapajani, jumla 11. Ultrasaundi ilionyesha vifuko vingi kwenye ovari zote mbili. Alipimwa 17-OHP mara moja, saa tisa alasiri, siku ya mzunguko haikuandikwa: 140 ng/dL. Ikasemwa ni kawaida, akaitwa mgonjwa wa PCOS.

Tukiisoma fomu hiyo kwa macho ya mwongozo huu, namba ya 140 haitufai, wala kwa kuthibitisha wala kwa kukanusha. Anaambiwa asubiri hedhi. Inakuja baada ya wiki tano. Siku ya 4, saa 1:40 asubuhi, damu inatolewa: 480 ng/dL. Testosteroni imepanda kiasi, prolaktini na TSH ziko sawa. Hiyo 480 iko katikati, hivyo anafanyiwa kipimo cha kusukuma. Dakika ya 60: 17-OHP ni 2150 ng/dL, kotisoli 21 µg/dL. Lango lake limefunguka nusu, lakini akiba ya kotisoli ipo.

Ultrasaundi haikudanganya. Vifuko vilikuwepo kweli. Vilikuwa matokeo ya androjeni zilizotoka kwingine.

Sita, chagua tiba kwa kile unachokitaka sasa

Watu hudhani kwamba kimeng'enya kikiwa pungufu, lazima unywe steroidi maisha yako yote. Kwa aina nyepesi si hivyo, na msimamo wangu hapa ni thabiti: msichana asipewe steroidi za kila siku kwa sababu ya ndevu peke yake ikiwa njia nyingine hazijajaribiwa. Steroidi hushusha androjeni za adrenali haraka, lakini nywele zilizokwisha kukomaa hazizijali sana, na gharama yake ni uzito, mifupa kupungua nguvu na tezi kulala. Asiye na dalili zinazomsumbua hahitaji dawa yoyote.

Kama kinachokusumbua ni nywele na hedhi, na huna mpango wa mtoto kwa sasa, dawa ya kuanzia kwa kawaida ni vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na projestini. Vinatuliza ovari, ambayo nayo imeingizwa kwenye vurugu, na vinaongeza protini inayoifunga testosteroni kwenye damu isifike kwenye ngozi. Hedhi hupangika mapema. Nywele huchelewa, kwa sababu kila unywele una mzunguko wake wa miezi. Usihukumu kabla ya miezi 6. Mwenye historia ya damu kuganda kwenye mishipa, shinikizo la juu la damu, au kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni asitumie estrojeni.

Miezi 6 ikipita na mabadiliko yakawa madogo, huongezwa spironolaktoni, kwa kawaida miligramu 50 hadi 100 mara mbili kwa siku. Inazuia androjeni mlangoni mwa unywele. Sharti lake halina mjadala: usishike mimba ukiwa unaitumia, kwa kuwa inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Na msichana asijidanganye kwamba hedhi ya kurukaruka ni kinga. Yai hupevuka siku usiyoitarajia.

Nywele zilizopo tayari zinaondolewa kwa mikono au kwa mashine. Leza inafaa, ila kwenye ngozi nyeusi uliza kama wana mashine ya Nd:YAG. Mwanga wa mashine nyingine hufyonzwa na rangi ya ngozi yenyewe na kuacha majeraha na madoa. Ukianza leza huku androjeni hazijatulizwa, nywele mpya zitaendelea kuota na fedha zako zitaisha kabla yake.

Usiyetaka vidonge kabisa, chunga jambo moja: hedhi isipotee zaidi ya miezi 3 mfululizo. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi ukijengwa bila kumwagwa, baada ya miaka unaweza kuharibika. Daktari anaweza kukupa projestini ya siku 10 hadi 14 ili damu itoke.

Saba, unapotaka mtoto

Wengi wenye hali hii hushika mimba bila dawa yoyote. Ukijaribu na yai likawa halipevuki, au mimba zimekuwa zikitoka, hapo ndipo steroidi zinapopata nafasi yake. Inayopendelewa ni haidrokotisoni kwa dozi ndogo iliyogawanywa kwa siku, kwa sababu kondo la nyuma huivunja kabla haijamfikia mtoto. Deksamethasoni haivunjwi, inapita moja kwa moja, kwa hiyo asiyetumia kinga ya mimba asipewe kwa tatizo hili. Ukishakuwa kwenye haidrokotisoni kila siku, usiikatishe ghafla, na ukipata homa kali muulize daktari juu ya kuongeza dozi kwa siku hizo.

Kabla ya mimba, fanyeni kipimo cha jeni ya CYP21A2. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, na mgonjwa ana kasoro kwenye zote mbili. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba wengi wenye aina nyepesi wamebeba nakala moja yenye kasoro nyepesi na nyingine yenye kasoro nzito. Ile nyepesi ndiyo inayowalinda wao. Lakini mtoto hurithi nakala moja tu, na inaweza kuwa ile nzito.

Turudi kwa msichana wetu. Tuseme jeni zake zimeonyesha moja nyepesi, moja nzito. Karibu mtu 1 kati ya 60 amebeba nakala nzito bila kujua. Uwezekano wa mchumba wake kuwa mmoja wao ni 1 kwa 60. Yeye kuitoa nakala yake nzito ni nusu. Mchumba kuitoa yake ni nusu. Zidisha, unapata 1 kwa 240. Mchumba akipimwa akakutwa hana, hofu ya aina nzito inaondoka kwa kiasi kikubwa. Akikutwa anayo, uwezekano ni 1 kwa 4 katika kila mimba, na hapo wanazungumza na mtaalamu wa jeni kabla ya mimba badala ya baada. Uliza kama maabara ina uzoefu na jeni hii hasa, kwa sababu ina pacha isiyofanya kazi jirani yake inayofanana nayo karibu kabisa, na maabara isiyozoea huzichanganya.

Ndugu zake wa baba na mama mmoja nao, kila mmoja ana uwezekano wa 1 kwa 4 wa kuwa na nakala zote mbili zenye kasoro kama yeye. Mdogo wake wa miaka 15, mwenye chunusi ambazo kila mtu amesema ni za ujana, anafaa kutoa damu siku ya 4 ya hedhi yake, kabla ya saa mbili asubuhi.